Mashine ya kahawa ninayovuka nayo kwenda Ukerewe

Kazi yangu ni kufunga sola, na kila baada ya wiki mbili tatu navuka kutoka Mwanza kwenda Nansio. Kule chai ya maziwa haikosekani, lakini mimi nimekulia Bukoba na asubuhi bila kahawa kichwa kinagoma. Nabeba punje zilizokaangwa, maana kahawa ikishasagwa harufu yake haichukui siku nyingi kupotea. Basi ikabidi nitafute mashine ya kusagia kwa mkono. Nasema mashine kwa sababu hapa mjini ukiingia dukani ukaomba grainda, utaletewa ya kukatia chuma.

Ya kwanza niliinunua kwa shilingi 45,000. Ilikuwa nyepesi, na meno yake ni ya kauri. Nyumbani ilinifaa kwa siku chache, kwa kuwa nilikuwa nasaga laini na kuchemsha kwenye birika. Nilipoanza kuchuja kwa karatasi ndipo matatizo yalipojitokeza. Kikombe kimoja kilikuwa kichungu na kichachu kwa pamoja, na sikuelewa kinawezaje kuwa hivyo.

Jibu nililipata kwa kumwaga kahawa iliyosagwa juu ya karatasi nyeupe na kuitandaza kwa kidole. Kulikuwa na vipande vikubwa kama chenga za mchele, na katikati yake vumbi jembamba kama unga wa dona. Vumbi linatoa uchungu wake mapema, huku vile vikubwa maji yanavipita juu juu na kuacha uchachu. Hakuna namna ya kumimina maji itakayotibu hilo.

Nikaifungua. Ndani ya mashine hizi kuna koni yenye meno inayozunguka katikati ya pete yenye meno, na punje inasagwa inaposhuka kati yao. Koni imefungwa kwenye shafti. Kwenye mashine yangu shafti ilishikwa na tundu la plastiki tu, na plastiki ilishaanza kulika. Nilipoisukuma koni kwa kidole ilicheza kushoto na kulia. Ukisaga laini, punje zinaibana koni pande zote ikatulia. Ukifungua ili usage nene inabaki huru, inayumba, na nafasi inakuwa pana upande huu na finyu upande ule. Ndiyo maana kahawa ya kuchemsha haikuonyesha ubovu wowote.

Nilimpelekea fundi mmoja wa Mabatini anayenitengenezea pampu. Aliigeuza mara mbili akacheka. "Kaka, hii haina beringi. Hata ukiweka meno ya dhahabu itayumba tu." Tangu hapo, mashine yoyote naanza kuikagua hapo kabla ya kuuliza bei. Shafti iwe imeshikwa na beringi mbili, moja juu karibu na mpini na nyingine chini karibu na koni, na kishikio cha hiyo beringi ya chini kiwe cha chuma. Kwa dukani jaribio ni rahisi: toa kikombe cha chini, sukuma koni kwa kidole gumba, kisha zungusha mpini polepole huku ukiangalia kwa chini. Nafasi ibaki sawa mzunguko mzima. Ikipanuka na kufinyika, rudisha kabatini.

Jambo la pili lilinichukua muda zaidi kulielewa: hatua za kurekebisha. Nati ya kurekebisha inapozungushwa inatoa mlio wa "ta, ta", na kila mlio ni hatua moja. Watu wanasifia idadi ya hatua, ila idadi peke yake haisemi kitu. Ukitaka kujua hatua moja ni kubwa kiasi gani, gawanya umbali ambao koni inapanda kwa mzunguko mmoja wa nati kwa hatua za mzunguko huo. Ile ya kauri ilipanda milimita 1 kwa hatua 12, yaani kama milimita 0.08 kwa hatua. Ninayoitumia sasa inapanda milimita 0.75 kwa hatua 30, yaani 0.025.

Kwenye kikombe tofauti yake ni hii. Naweka gramu 18 za kahawa na mililita 300 za maji, na napenda maji yamalize kushuka ndani ya dakika tatu hivi. Kwa mashine ya zamani, hatua ya 8 ilimaliza kwa dakika mbili na kahawa ikawa chachu. Hatua ya 7 ikafika dakika nne na robo, chungu. Katikati hapakuwa na kitu. Kwa hii mpya, ndani ya hatua moja ya zamani nina hatua tatu za kuchagua. Nachuja kwenye 24, na nikitumia kile kibirika cha kusukuma kahawa kwa mvuke nashuka hadi 14. Namba hizi ni za mashine yangu. Kuzipata zako, funga nati mpaka mpini usimame wenyewe bila kuanguka kwa uzito wake, hapo ndipo sifuri, kisha hesabu ukifungua. Anayetaka espreso ya mashine ya presha atafute hatua ndogo zaidi, karibu na 0.0125, maana pale hatua moja tu inabadilisha kikombe kizima.

Ukubwa wa meno, yaani upana wa ile koni, ambao wauzaji wanaanza nao, mimi niliuacha mwisho. Nilijaribu mbili za chuma, moja ya milimita 38 na nyingine ya 48, kwa gramu zilezile 18. Ya 38 ilimaliza kwa kama dakika moja, ya 48 kwa nusu dakika na ushee. Ile ya kauri ilikuwa inanila dakika tatu. Lakini ya 48 inauma punje nyingi kwa mpigo, hivyo kila mzunguko ni mzito, na mwili wake ni mnene. Mke wangu, ambaye mkono wake ni mdogo, hakuweza kuikamata vizuri. Ilikuwa inazunguka yote pamoja na mpini. Kahawa iliyokaangwa kidogo ni ngumu zaidi, na hapo ndipo alipoikataa kabisa.

Kama ingekuwa ya kukaa jikoni kwa ajili ya watu wanne, ningechukua ya 48 na mpini mrefu. Kwa safari nilichukua ya 38, ya chuma kisichoshika kutu, na mpini wake unachomoka. Inaingia kwenye mkoba pamoja na multimita. Naibana katikati ya mapaja, mkono mmoja unashika mwili, mwingine unazungusha.

Meno siyaoshi kwa maji, nayapiga brashi tu kila wiki. Unga ukianza kung'ang'ania kikombe, nachovya ncha ya kijiko majini na kukorogea punje kabla ya kusaga. Tone moja linatosha.

Wiki iliyopita pale Nansio, mama mwenye nyumba ninayofikia alinikuta kibarazani nikisaga. "Mwanangu, na hiyo nayo ni ya sola?" Nikamwambia, "Hapana mama, hii ni ya mkono." Akaomba aizungushe. Alimaliza gramu zote bila kupumzika, akanirudishia na kuuliza kama inasaga na pilipili manga. Nikamwambia inasaga, ila kahawa ya kesho itawasha.