Barua za babu za khati ya Kiarabu: nilivyozisoma na kuwaandikia wajukuu

Barua za babu ni za Kiswahili kitupu, ila zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandikiana watu wa pwani kabla herufi za Kirumi hazijaenea kila mahali. Wajukuu wanaozungumza Kiswahili tangu wazaliwe hawawezi kusoma hata mstari mmoja. Hata waliohitimu chuo cha Kurani hukwama, kwa sababu msahafu una irabu zake zote na kila nukta iko mahali pake, lakini babu alikuwa anaandika kwa haraka, tena akimwandikia mtu aliyekwisha jua habari inahusu nini.

Ugumu unaanzia kwenye herufi zenyewe. Kiarabu kina irabu tatu, fatha, kasra na dhuma, na Kiswahili kina sauti tano. Kwa hiyo kasra moja hubeba i na e, na dhuma hubeba u na o. Irabu zenyewe mara nyingi haziandikwi. Upande wa konsonanti, be katika mkono wa babu ni b, lakini pia ni p na mb. Dali ni d na nd. Ghaini ni g, ng na ng' pamoja na gh yenyewe. Fe ni f na v, na shini ni sh na ch. Sauti ya pua inayotangulia herufi nyingine, kama m ya mb au n ya nd, haionekani kabisa. Wasomi wa Mombasa walishughulika na jambo hili mapema. Mwishoni mwa karne ya 19 Mwalimu Sikujua alishirikiana na mmishenari William Taylor kutengeneza alama za ziada za kutenganisha sauti hizi, lakini watu wa barua za nyumbani waliendelea na khati waliyoizoea.

Sikuanza na habari za katikati ya barua, ingawa ndizo kila mtu alizokuwa akiniuliza. Nilianza na salamu. Barua za zamani hufunguliwa kwa maneno ya Kiarabu yanayojirudia: ila janabi, al-muhibbu, al-mukarramu, al-akhi, kisha dua ya kumtakia mwandikiwa salama, ndipo baada ya salamu ije nakuarifu. Kwa kuwa maneno hayo nilikuwa nayajua kabla sijayasoma, yalinifundisha mkono wa babu. Niliona kuwa nukta mbili anaziunganisha zikawa kistari, nukta tatu zikawa kijiduara kidogo, ye ya mwisho haina nukta, na wau yake hushikana na herufi inayofuata ingawa kanuni haimruhusu. Nikachora jedwali, kila herufi na maumbo yake mwanzoni, katikati na mwishoni mwa neno, kutoka barua zake tu. Barua za shangazi yake nilizifanyia jedwali jingine, maana mkono ulikuwa tofauti kabisa.

Kisha kila barua niliiandika mara tatu. Kwanza herufi kwa herufi, kilichopo kwenye karatasi bila kukisia: shini, be, basi. Mara ya pili ni usomaji wangu kwa herufi za Kirumi, katika lahaja yake ileile, na ndia, yaani njia, ikabaki ndia. Mara ya tatu ndiyo ya wajukuu, kwa Kiswahili wanachokizungumza. Hatua ya kwanza inachosha na inashawishi kurukwa, lakini bila hiyo huwezi kurudi kuangalia neno lilikuwa nini kabla hujaliamulia.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha faida yake. Katika ukoo wetu ilikuwa inasemwa kwamba babu aliwahi kufanya biashara ya shaba, na ushahidi ulikuwa barua ambayo mtu aliwasomea wazee zamani. Nilipofika kwenye mstari huo niliona kweli shini na be, bila irabu. Herufi hizo mbili zinaweza kuwa shaba, shamba, au chapa, na habari yenyewe ya kuuza inakubali zote. Niliyaacha maneno hayo nikatazama majirani zake. Kabla ya shini kulikuwa na lamu mbili mfululizo, na kitenzi cha kuuza kilichofuata kilianza kwa lamu na mimu. Ingekuwa shaba angeandika ile shaba imeuzwa, na maneno yote mawili yangeanza kwa alifu. Lamu mbili ni lile, na lamu na mimu ni lime-. Lile shamba limeuzwa. Chapa nayo inaanguka hapohapo, kwa sababu ni chapa ile.

Tangu hapo upatanisho wa ngeli ukawa ndio hakimu wangu wa kwanza. Khati inaficha m na n za ndani ya neno, lakini haiwezi kuficha kiambishi cha kitenzi, kivumishi na kiashiria kwa pamoja. Pale ngeli iliposhindwa kuamua, nilimsomea mama mkubwa kwa sauti, usomaji mmoja baada ya mwingine, bila kumwambia upi naupendelea. Macho yake hayaoni tena maandishi madogo, lakini sikio lake linajua babu alivyosema. "Huo wa pili, mwanangu. Huo wa kwanza hasemi mtu," aliniambia mara kwa mara.

Tarehe zilitaka uangalifu wa namna yake. Barua ile ya shamba imeandikwa usiku wa Ijumaa, 5 mfunguo sita, sanati 1346. Miezi ya mfunguo huhesabiwa kuanzia baada ya Ramadhani, kwa hiyo mfunguo mosi ni Shawali na mfunguo sita ni Rabiulawali. Kwa hesabu ya kalenda, tarehe 5 ya mwezi huo ni Ijumaa, 2 Septemba 1927. Lakini siku kwa hesabu ya babu inaanza jua linapotua, na usiku wa Ijumaa hutangulia mchana wake. Basi barua iliandikwa Alhamisi usiku, tarehe 1 Septemba. Kwa kuwa mwezi hutegemea kuandama, hesabu inaweza kupishana siku moja na walivyoona wao, na jina la siku ya juma ndilo linaloirekebisha. Kama tarehe na siku vinapishana kwa zaidi ya siku moja, narudi kuangalia kama nimesoma namba vibaya. Mbili na tatu za babu zinafanana sana.

Katika nakala ya wajukuu sikuondoa orodha ndefu ya nisalimie mwishoni, ingawa wengine waliiona haina maana. Humo ndimo tulimowapata watu ambao hawapo kwenye shajara ya ukoo. Lakini niliandika baba pale babu alipoandika baba, na pembeni nikaweka maelezo ni baba mzazi au baba mdogo, pale tu barua nyingine ilipothibitisha. Neno nililolikisia nimelipigia mstari chini. Penye usomaji wa namna mbili zinazokubalika nimeziweka zote mbili. Jina moja la mtu, lenye fe, be na herufi iliyoliwa na mchwa, nimeliandika hivyohivyo: fe, be, nukta tatu. Picha ya kila ukurasa iko upande wa kushoto wa nakala, ili atakayejifunza khati hii baadaye aweze kunisahihisha.