Dogo, jibu lirudishe kwenye swali lenyewe

Dogo, marahaba, japo shikamoo hukuituma, umetuma tu picha ya daftari na vimoto vitatu. Mi huku Tabora fildi inaenda vizuri, jua la kutosha na asali ya kutosha. Ila hiyo picha imenikera kidogo, na sio wewe uliyenikera, ni huyo aliyekwambia kwamba ukitaka kujua kama umepata basi lifanye swali upya kuanzia mwanzo. Nani kasema? Ukilifanya upya unapita njia ileile, na kama kuna shimo unatumbukia palepale, unatoka na jibu lilelile afu unafurahi eti yamefanana. Yamefanana ndio, yote mabovu.

Mi toka fomu tuu sijawahi kukabidhi karatasi ya hesabu bila kurudisha majibu kwenye swali, na wanaonijua pale Mwanga watakwambia nilivyokuwa nasumbua watu kwenye diskasheni. Mtu anasema "nimepata" mi namuuliza umerudisha? Wakaniita Bi Kurudisha. Sawa tu, Bi Kurudisha sasa hivi anasoma uinjinia.

Sa tuje kwenye swali lako.

√(x + 7) = x − 5

Umeskwea pande zote mbili, safi, ukapata x + 7 = x² − 10x + 25, ukahamisha vizuri ikawa x² − 11x + 18 = 0, ukafaktaraizi (x − 9)(x − 2) = 0, majibu x = 9 na x = 2. Hapo kwenye aljebra sina neno, hakuna hatua uliyokosea. Afu ukaandika kwa mbwembwe "nimehakiki dada, yote mawili yanakubali". Hapo ndo nilipocheka mpaka wenzangu wa hosteli wakaja kuangalia kuna nini.

Maana nimeona ulichofanya. Umechukua 2 ukaiweka kwenye mstari wa pili, ule uliokwisha kuskwea. Kushoto 2 + 7 ni 9, kulia 4 − 20 + 25 ni 9, umetikisa kichwa, umepiga vema. Lakini huo mstari wa pili sio swali, ni kitu ulichokitengeneza wewe! Ni sawa na kumuuliza mshtakiwa kama ameiba. Rudi juu kabisa, pale mwalimu alipoandika. Weka 9: kushoto √16 ni 4, kulia 9 − 5 ni 4. Imekubali. Weka 2: kushoto √9 ni 3, kulia 2 − 5 ni −3. Tatu na hasi tatu sio ndugu. Jibu ni 9 peke yake.

Najua utasema "lakini skwea ruti ya 9 si inaweza kuwa hasi 3 pia?" Hapana. Namba ambazo ukiziskwea unapata 9 ni mbili, kweli, 3 na −3, ila hiyo alama √ ikiandikwa hivi inamaanisha ile isiyo hasi tu. Ndo maana kwenye fomula ya kwadratiki wanalazimika kuweka ± mbele yake, kama alama ingekuwa inabeba zote mbili wangeiweka ya nini?

Na hiyo 2 imetoka wapi wakati hujakosea popote? Imetoka kwenye kuskwea. Ukiskwea unafuta alama, 3 inakuwa 9 na −3 inakuwa 9, kwa hiyo ule mstari wa pili unabeba maswali mawili kwa pamoja, lile lako na jingine ambalo hukuulizwa, √(x + 7) = −(x − 5). Ijaribu 2 kwenye hilo jingine uone: 3 kwa 3, inakubali vizuri kabisa. Yaani 2 ni jibu halali la swali la jirani.

Sasa nikupe ujanja ambao najivunia, niliugundua mwenyewe kwa kuangalia watu wanavyojidanganya. Ukirudisha jibu usiandike alama ya sawasawa. Kabisa. Piga mstari katikati ya nafasi yako ya rafu, kushoto kokotoa upande wa kushoto mpaka ibaki namba moja, afu funika kwa kiganja, kulia kokotoa upande wa kulia mpaka ibaki namba moja, ndo ufunue. Kwa nini? Kuna mwenzangu mmoja wa diskasheni alikuwa anaweka = kuanzia mwanzo, anaandika √9 = −3, anaona haijakaa vizuri, basi anaskwea tena pande zote ili kuinyoosha, 9 = 9, "imetoka!" Uchawi uleule uliomletea jibu bovu ndo anautumia kulikagua. Ukiwa umetenganisha pande huna cha kuskwea wala cha kuhamishia ng'ambo, una namba mbili tu, zimefanana au hazijafanana.

Kwenye maswali ya maneno hata ikwesheni ya kwanza ni ya kwako, mwalimu kaandika hadithi tu, kwa hiyo jibu lirudishe kwenye hadithi. Mfano boti inapanda mto Malagarasi kilomita 24 afu inashuka kilomita 24, mkondo unaenda kilomita 2 kwa saa, safari nzima saa 5, tafuta spidi ya boti kwenye maji yaliyotulia. Unaandika 24/(x + 2) + 24/(x − 2) = 5, inaishia 5x² − 48x − 20 = 0, unapata x = 10 au x = −0.4. Hapa uangalie vizuri maana hii −0.4 ukiiweka kwenye ikwesheni INAKUBALI: 24/1.6 ni 15, 24/(−2.4) ni −10, jumla 5. Ikwesheni haina habari na boti. Ila kwenye hadithi ni kwamba umetumia saa hasi kumi kupanda mto, yaani umefika kabla hujaondoka. Ile 10 ndo inasimulika: kushuka kwa 12 saa mbili, kupanda kwa 8 saa tatu, saa tano hizo.

Na usije ukaulaumu ujanja wangu kwa kitu ambacho sio kazi yake. Kurudisha kunakwambia jibu ulilonalo ni la kweli, hakukwambii kama umebakiza mengine. x² = 3x, mtu anagawanya kwa x anapata 3, anarudisha, 9 kwa 9, anaridhika, kumbe 0 nayo ni jibu na ameifuta mwenyewe pale alipogawanya. Hiyo inazuiwa kwa kuleta vyote upande mmoja na kufaktaraizi, sio kwa kurudisha.

Jioni fanya hii, √(x + 4) = x − 2, kwa mstari wa katikati na kiganja, afu nitumie picha ya rafu, sio ya jibu. Kuna mtu darasani kwenu atagawanya kwa x na atapata jibu sahihi kwa bahati, usimuige, ila mwambie akuoneshe alichotupa na mjaribu kukirudisha wote wawili. Msalimie mama, mwambie dagaa akipata mtu wa kuja na treni anifungie hata za elfu kumi, huku nakula asali tu mpaka meno yanalia.