Jinsi nilivyohamishia jibu kwenye sentensi ya kwanza

Kazi yangu ni kuwasaidia watu waliokwama na kompyuta na simu, na karibu msaada wote huo unakwenda kwa meseji. Swali lililonibadilishia namna ya kuandika ni lile linaloulizwa na kila mtu siku flashi yake inapogoma: "Nimechomeka flashi, kompyuta inaniambia nifomati. Nifanye nini?"

Maandishi yanayotokea kwenye Windows ni haya: `You need to format the disk in drive E: before you can use it.` Chini yake kuna vitufe viwili, `Format disk` na `Cancel`. Jibu tulilozoea kulituma ofisini lilikuwa sahihi kila neno:

"Salamu. Pole kwa usumbufu. Ujumbe huo hutokea pale mfumo wa faili unapoharibika, mara nyingi kwa sababu flashi imechomolewa kabla ya kutolewa kwa usalama. Kufomati ni njia mojawapo ya kuifanya itumike tena, lakini usifanye hivyo kama unahitaji mafaili yaliyomo."

Sasa lisome kama linavyomfikia mtu. Meseji ya kawaida inabeba herufi 160, nafasi na alama zikihesabiwa. Ikizidi hapo inagawanywa vipande, na kila kipande kinabaki na herufi 153 kwa sababu nafasi nyingine inatumika kuviunganisha vipande hivyo. Nilihesabu jibu letu: kipande cha kwanza kinakwisha kwenye maneno "kwa usalama". Mtu aliyepata kipande hicho tu amepewa pole na historia ya tatizo, basi. Aliyesoma mbele kidogo, akakatikia kwenye "ya kuifanya itumike tena", hali yake ni mbaya zaidi, maana ameondoka na ruhusa ya kufomati. Katazo lilikuwa limekaa mwisho kabisa, baada ya "lakini".

Nikaliandika upya hivi: "Usibonyeze `Format disk`; bonyeza `Cancel`, kisha chomoa flashi." Herufi 60. Ndipo inafuata sentensi ya pili, kwamba asihifadhi kitu chochote kipya ndani ya flashi hiyo, na baada yake ndiyo sababu: kufomati kwa haraka kunaandika upya orodha ya mafaili na kuacha sehemu kubwa ya data ikiwa bado ipo, lakini kufomati kamili, kwenye matoleo ya Windows kuanzia Vista, kunajaza sifuri diski nzima na hapo hakuna fundi wa kukurudishia. Maelezo ya kuiga flashi yote kwanza, kisha kutafuta mafaili kwa programu ya TestDisk au PhotoRec, yanakuja mwisho. Hayo ni ya mtu aliyetulia. Yule ambaye kidole chake kiko juu ya kitufe anahitaji herufi zile 60 tu.

Nilizichagua ziwe chache hivyo kwa sababu ya jambo ambalo waandishi wa Kiswahili wanapaswa kulijua. Herufi 160 zinapatikana tu ikiwa alama zote ulizotumia zimo katika orodha ya msingi ya meseji. Alama moja ya nje ya orodha hiyo inaushusha ujumbe wote hadi herufi 70, au 67 kwa kila kipande ukigawanywa. Emoji inafanya hivyo. Na ile alama ya juu katika "ng'ombe" na "ng'oa" inafanya hivyo pia, pale simu au kompyuta inapoibadilisha yenyewe kutoka iliyonyooka kuwa iliyopinda. Unaandika neno la kawaida kabisa, na nafasi yako inapungua zaidi ya nusu bila kuambiwa. Kwa hiyo kipimo changu ni 70: jibu lenyewe likae ndani ya hapo hata mambo yakiharibika.

Jinsi ninavyofanya ni rahisi. Naandika jibu kama linavyokuja kichwani, sababu kwanza, kwa kuwa ndivyo ninavyofikiri. Kisha naitafuta sentensi inayomwambia mtu cha kufanya, naikata, naipandisha juu. Kazi iliyobaki ni kuisafisha, kwa sababu sentensi iliyotoka chini huja na maneno yanayoelekeza nyuma: "usifanye hivyo", "basi ichomoe", "kwa sababu hiyo". Ikiwa juu, "hivyo" haina inachokielekea. Narudisha jina la kitu na kitendo chenyewe. Salamu na pole nazihamishia baada ya jibu. Watu hawakuwahi kukasirika. Ninaamini mtu aliyeshikwa na hofu anaipokea pole vizuri zaidi akishajua mafaili yake hayajapotea.

Halafu nakifunika kila kitu kilicho baada ya nukta ya kwanza, na kujiuliza: mtu huyu, akiwa na hii tu, atafanya nini? Kwa majibu ninayoyatuma mara kwa mara najitumia mwenyewe, naifunga simu, na kutazama kinachoonekana kwenye kioo kabla sijaifungua. Wengi wanasoma hapo hapo na kuendelea na shughuli zao.

Ugumu unaanza jibu linapotegemea hali. Mtu anauliza, "Nikiirudisha simu katika hali ya kiwandani, picha hazitafutika?" Ukijibu "Ndiyo" umemwangamiza, kwa sababu kwetu "ndiyo" baada ya swali la kukanusha ina maana ya kukubaliana naye: ndiyo, hazitafutika. Ukijibu "Hapana", mwingine ataielewa vivyo hivyo. Ndiyo maana siachi neno moja lisimame peke yake. Narudia kitenzi: "Picha zilizo kwenye simu zitafutika; zihamishe kwanza." Zile zilizokwisha kupakiwa kwenye akaunti yake ya mtandaoni hazitaguswa, na hilo nalisema katika sentensi ya pili. Kwa makusudi sikuliweka la kwanza. Mtu akikosa kusoma habari ya akaunti, hasara yake ni muda wa kunakili picha ambazo tayari anazo. Akikosa kusoma onyo, hasara haina marekebisho. Katika kila jibu lenye masharti nachagua sentensi ya kwanza kwa mizani hiyo: ile ambayo, ikisomwa peke yake, inamwacha mtu mahali anapoweza kurudi.

Yako maswali ambayo bado siwezi kuyajibu kwa namna hii, hasa mtu anaponiandikia "haiwaki" bila kusema ni nini. Hapo sentensi yangu ya kwanza ni swali moja, si matatu, kwa sababu akiona matatu atajibu la mwisho.

Dalili kwamba jibu halikukaa mahali pake huwa naiona kwenye ujumbe unaorudi. Mtu akiniuliza, "Kwa hiyo nifomati au nisifomati?", wakati nimeshamwandikia, sifikirii kwamba hakusoma. Narudi kwenye nilichotuma, nautafuta mstari uliokuwa na jibu, na mara nyingi nimeukuta wa tatu au wa nne.

Maelekezo yanapobadilika, kwa mfano flashi imefika mezani kwangu na imefunguka kwenye kompyuta nyingine, ujumbe mpya nao unaanza na amri mpya pamoja na ile inayoondolewa: "Mafaili yamepatikana yote, sasa unaweza kufomati flashi." Siandiki "kuhusu nilichokueleza jana", kwa kuwa kwenye kioo kilichofungwa cha jana hakionekani.