Nguzo ilipoinama: nilivyoandika taarifa ya kuahirisha mechi

Mimi ni katibu wa ligi ndogo ya mtaa hapa Mombasa, timu kumi, viwanja vinne. Masika ya mwaka 2025 nililazimika kuahirisha mechi asubuhi ya siku yenyewe, na taarifa niliyoiandika siku hiyo ndiyo ya kwanza kati ya zangu zote ambayo haikuzaa ugomvi. Karibu haikuzaa, maana kuna jambo moja nililisahau, nalo nitalifikia.

Mechi ilikuwa ya Jumamosi tarehe 17 Mei, saa kumi jioni. Wenyeji ni timu ya upande wa Changamwe, wageni wanatoka Likoni. Mvua ilianza Alhamisi usiku ikanyesha hadi alfajiri ya Jumamosi. Saa mbili asubuhi nilikuwa uwanjani na refa, mpira kwapani. Kisiwani maji hunywewa upesi na mawe ya matumbawe, lakini uwanja ule una udongo wa mfinyanzi, na ukishiba maji hukaa juu kama sahani.

Refa alianza kwenye kona akatembea kimshazari, kila hatua kumi anauinua mpira hadi begani na kuuachia. Katikati uliruka mpaka magotini, jambo ambalo lingevumilika. Ndani ya eneo la penalti la upande wa barabara ulianguka ukatulia pale pale ukielea. Kisha akaukanyagia kisigino ardhi: kiatu kikazama mpaka kwenye kamba. Hapo peke yake tungeweza kusema tusubiri hadi saa nane tuone jua litafanya nini.

Lakini alipofika golini aliishika nguzo ya kulia kwa mikono miwili akaisukuma, ikaitika. Maji yalikuwa yamechimba shimo kwenye shina lake, na zege ya zamani imepasuka. Ukitazama kutoka kati ya uwanja uliuona mtambaa wa panya umelala upande mmoja. Kijana mmoja wa wenyeji akasema tufunge kamba, tukite na gogo kwa nyuma, mechi iendelee. Refa akamjibu kwa upole, "Mwanangu, sheria ya kwanza kabisa ya mpira inataka goli liwe limekazwa ardhini. Hili likimwangukia kipa, kamba yako haitamwamsha." Akaandika uamuzi wake kwenye karatasi, akatia sahihi na saa: tatu kasoro robo.

Nguzo hiyo ndiyo iliyoamua kila kitu kilichofuata, hata tarehe. Kama shida ingekuwa maji tu, siku tatu za jua zingetosha na ningeweza kupendekeza Jumatano ya wiki inayofuata. Zege mpya ni habari nyingine. Fundi aliniambia atang'oa nguzo Jumatatu tarehe 19, atachimba upya na kumwaga zege siku hiyo hiyo, na akaniomba lisiguswe goli kwa wiki nzima. Zege hushika kwa siku moja ukaliona gumu, lakini nguvu ya kuhimili mtu anayening'inia kwenye mtambaa wa panya huja baada ya siku saba hivi, na huendelea kuongezeka mpaka wiki nne. Kwa hiyo kabla ya Jumatatu tarehe 26 sikuwa na uwanja.

Nasisitiza hili kwa makatibu wenzangu kwa sababu nimeona taarifa nyingi zinazosema "mechi imeahirishwa kutokana na mvua, mtajulishwa". Niliwahi kuandika hivyo hivyo miaka iliyopita. Neno "mtajulishwa" lilifanya timu moja iamini mechi imefutwa, na nyingine ikaja uwanjani na jezi, ikapiga picha, ikadai pointi za mezani. Tulikaa kwenye vikao vitatu. Sababu ikitajwa barabara, kila mtu anaona mwenyewe kwa nini tarehe si kesho.

Baada ya fundi, nilikaa na kalenda kabla ya kuandika neno lolote kwa timu. Jumamosi tarehe 24 timu zote mbili zilikuwa na mechi nyingine kwenye viwanja vya wenzao, na hizo sikuzigusa. Wikendi ya Madaraka ligi yetu ilikuwa inapumzika, kwa hiyo Jumapili yake ilikuwa wazi. Wiki iliyofuata ilikuwa ya Idi ya Kuchinja, na vijana wengi huenda kwao. Zikabaki siku mbili za kweli: Jumatano tarehe 28 Mei, na Jumapili tarehe 1 Juni.

Saa nayo ilitaka hesabu. Uwanja hauna taa. Mwisho wa Mei jua letu huzama saa kumi na mbili na robo hivi. Vipindi viwili na mapumziko ya robo saa ni dakika 105, ongeza za majeruhi. Ukianza saa kumi unamaliza kama saa kumi na mbili kasoro dakika kumi, na wanaotaka kuiwahi Magharibi wanaiwahi. Ukianza saa kumi na nusu, kipindi cha pili kinaishia gizani. Na kabla ya saa kumi usianze, kuna watu watatoka kuswali Alasiri. Kwa hiyo saa ilikuwa ile ile kwa tarehe zote mbili. Nilimpigia refa na washika vibendera wawili kwanza, wakakubali siku zote mbili. Hakuna aibu kama kupendekeza tarehe ambayo refa hayupo.

Saa nne asubuhi taarifa ilikuwa tayari. Niliituma kwa mameneja wote wawili kwa wakati mmoja, ujumbe mmoja, ili asitokee mtu wa kusema mwenzake alijua mapema. Kisha nikawapigia simu wote wawili, nikaanza na meneja wa Likoni, maana vijana wake walikuwa karibu kupanda feri. Hii hapa ilivyosomeka:

"Kwa mameneja wa timu zote mbili. Mechi iliyopangwa leo Jumamosi 17 Mei 2025, saa kumi jioni, IMEAHIRISHWA. Haijafutwa, na hakuna timu iliyopata wala kupoteza pointi. Refa amekagua uwanja leo saa mbili asubuhi na kuona haufai: maji yametuama katika eneo la penalti la upande wa barabara, na nguzo ya kulia ya goli la upande huo imelegea. Nguzo itasimikwa upya Jumatatu 19 Mei na goli halitatumika kwa siku saba. Tafadhalini timu zisisafiri leo.

Tunapendekeza mechi ichezwe kwenye uwanja huo huo, saa kumi jioni, katika moja ya siku hizi: (a) Jumatano 28 Mei, au (b) Jumapili 1 Juni. Kila meneja ajibu kwa maandishi kabla ya Jumanne 20 Mei saa kumi na mbili jioni, akitaja siku anayoichagua na sababu kama ipo kikwazo. Mkitofautiana, itachezwa Jumapili, kwa kuwa wachezaji wengi hawako kazini. Asiyejibu atahesabiwa amekubali siku ya mwenzake. Uwanja utakaguliwa tena siku mbili kabla ya mechi, na mtapata jibu siku hiyo hiyo."

Meneja wa wenyeji alijibu ndani ya saa moja: Jumatano. Nahodha wake alikuwa na harusi ya dada yake Jumapili. Wa Likoni alijibu Jumapili usiku, naye akachagua Jumapili ya tarehe 1, kwa sababu wachezaji wake watatu hutoka kazini saa kumi na moja, na kuvuka feri siku ya kazi jioni hujui utafika saa ngapi. Sababu zote mbili zilikuwa za haki. Lakini kwa kuwa kanuni ilikuwa imeandikwa kabla yeyote hajachagua, sikulazimika kumpendelea mtu. Nilimpigia meneja wa wenyeji mwenyewe, sikumwachia ajisomee. "Haya katibu," akasema, "nahodha atakula pilau mapema." Jumanne usiku nikatuma ujumbe wa pili, mistari mitatu, kuthibitisha: Jumapili 1 Juni, saa kumi, uwanja ule ule.

Nilidhani nimemaliza. Alhamisi akanipigia kocha wa wenyeji. Beki mmoja wa Likoni alikuwa na kadi nyekundu kutoka mechi iliyotangulia, na alitakiwa akose mechi moja, yaani ile ya tarehe 17. Je, tarehe 24 anacheza? Na tarehe 1 Juni je? Kocha alitaka beki huyo akose mechi dhidi ya timu yake, maana ndivyo ratiba ilivyosema alipopewa kadi.

Hilo ndilo nililolisahau. Kanuni ya ligi yetu inasema adhabu huhesabiwa kwa mechi inayochezwa, si kwa tarehe iliyoandikwa kwenye ratiba. Mechi ya tarehe 17 haikuchezwa, kwa hiyo haikumpunguzia chochote. Angeketi nje tarehe 24, kisha tarehe 1 Juni yuko huru. Kocha hakufurahi, nami namwelewa: timu ya tatu kabisa ndiyo iliyofaidika na kadi iliyotolewa wakati yeye anajiandaa kukutana na beki huyo. Swali la pili lilikuwa pacha wa hilo: mchezaji aliyesajiliwa baada ya tarehe 17 anaruhusiwa kucheza mechi hiyo iliyosogezwa tarehe? Kwetu haruhusiwi, orodha hubaki ile ya siku ya awali, ili timu isijaze mashimo yake kwa mvua.

Nililazimika kutuma nyongeza kwa timu zote mbili Alhamisi hiyo hiyo, na kwa kamati ya nidhamu nakala. Ingekuwa ndani ya taarifa ya kwanza, sentensi mbili tu, kocha angeisoma kabla hajajua inamnufaisha nani, na asingekuwa na cha kulalamikia. Sasa sentensi hizo zimo kwenye nakala ninayoihifadhi kwenye simu: "Adhabu za kadi zitatumikiwa katika mechi inayofuata kuchezwa. Watakaoruhusiwa kucheza ni waliosajiliwa kufikia tarehe ya awali ya mechi."

Ijumaa tarehe 30 nilirudi na refa. Udongo ulikuwa umekauka, chokaa ya mistari imepakwa upya, na mpira uliruka vizuri kwenye eneo la penalti. Refa akaenda moja kwa moja kwenye nguzo ya kulia, akaishika kwa mikono miwili, akaisukuma kwa bega, akavuta, akasukuma tena. Haikutikisika. Akatoa kalamu akaandika saa, nami nikawatumia mameneja neno moja: tunacheza.