Jedwali langu la PAYE lilikuwa likipunguza kodi

Nilikuwa nakagua mshahara wa 1,000,000, Tanzania Bara. Ukitoa asilimia 10 ya NSSF, zinabaki 900,000 za kutozwa kodi, nikaziandika F1. Safu A ina mwanzo wa kila ngazi (0, 270,000, 520,000, 760,000, 1,000,000), B mwisho wake, C kiwango: 0%, 8%, 20%, 25%, 30%. Safu D nikaijaza hivi:

```
=(MIN($F$1,B2)-A2)*C2
```

Jumla ikaja 73,000, ndogo mno. Kumbe mstari wa mwisho ulisomeka -30,000. Mshahara haukufika ngazi ile, kwa hiyo 900,000 kutoa 1,000,000 ikawa hasi, na hasi hiyo ikala kodi ya ngazi za chini. Dawa yake ni MAX:

```
=MAX(0,MIN($F$1,B2)-A2)*C2
```

Sasa D inasoma 0, 20,000, 48,000, 35,000 na 0. Jumla ni 103,000. B6 niliiacha tupu makusudi, maana MIN huruka seli tupu. Ukiandika sifuri pale, wenye mishahara mikubwa hawatatozwa ile 30%, na hutaona kosa lolote kwenye skrini.