Alinitegea kete moja, nikala tatu

Kwa miaka mingi nilikuwa nacheza drafti kwa mkono mwepesi. Nikiona kete ya mwenzangu haina ulinzi, nilikuwa naifuata papo hapo. Mchezo ninaousimulia hapa ndio ulionifundisha kusubiri kidogo, na nimeuandika hatua zake zote ili mwenye ubao auweke na kujionea.

Tulicheza kwenye ubao wa miraba 64, kete 12 kila upande. Kete ya kawaida hula mbele tu, kingi huenda mraba mmoja mmoja mbele na nyuma, na kula ni lazima. Ukiwa na njia mbili za kula, unachagua uitakayo. Kama kwenu kingi huruka mbali au kete hula hadi nyuma, hesabu za hapa itabidi uzirudie upya, kwani zitabadilika.

Miraba ya kuchezea tuliihesabu 1 hadi 32. Safu ya juu kabisa, upande wa mwenzangu, ni 1, 2, 3, 4 kutoka kushoto, na 1 haiko pembeni bali ni mraba wa pili wa safu hiyo. Safu inayofuata ni 5 hadi 8, na 5 ndiyo ya pembeni kushoto. Inaendelea hivyo hivyo kwa kupishana hadi 29 hadi 32 chini, upande wangu. Yeye anashuka, mimi napanda. Nikiandika 24-20 ni kusogea, na 16x23 ni kula.

Tulikuwa tumebaki na kete sita kwa sita. Zangu zilikuwa 15, 23, 24, 27, 30 na 32. Zake zilikuwa 1, 3, 4, 6, 9 na 16. Ilikuwa zamu yake, na kete yake ya 16 ilikuwa imetoka peke yake, nyuma yake hakuna kitu. Akacheza 4-8.

Mkono wangu ulikwenda moja kwa moja kwenye kete ya 24. Nikicheza 24-20, naitishia ile ya 16: nitaila kwa 20x11, na kutoka 11 naendelea kuila ya 8 hadi 4, ambako naingia kingi. Hawezi kuacha hilo litokee, kwa hiyo itabidi aitoe 16 kwa 16-19, nami niile kwa 23x16. Kete moja bure, hatua mbili tu. Nani angeiacha?

Kilichonizuia ni swali ambalo nimejizoeza kujiuliza kila ninapoona kete ya bure: baada ya kuila, atanilisha nini? Kwa sababu kula ni lazima, kete anayonilisha ni kamba. Inanivuta mahali anapotaka yeye. Basi nikaitazama picha baada ya 23x16. Zangu zingekuwa 15, 16, 20, 27, 30 na 32, zake 1, 3, 6, 8 na 9, na zamu yake.

Hapo nikaiona 8-11. Kete hiyo inajiingiza kati ya 15 na 16 zangu, nami sina budi kuila. Nikila 15x8, kete yake ya 3 inanila hadi 12, kisha inageuka na kuila 16 yangu hadi 19. Nikila kwa upande wa pili, 16x7, ile ile ya 3 inanila hadi 10, kisha inaila 15 yangu na kutua 19. Nilirudia mara mbili nikidhani nimekosea, maana njia zote mbili zinaishia kwenye picha moja: zangu 20, 27, 30, 32 na zake 1, 6, 9, 19. Nne kwa nne. Bado ningekuwa na tumaini, kwa kuwa kete ya 20 ina njia nyeupe ya kupanda, lakini kete niliyodhani nimeipata ingekuwa imerudi kwake.

Kwa hiyo 4-8 haikuwa uzembe kama nilivyodhani mwanzoni. Ilikuwa ni mtego, na chambo chake ni kete ya 16. Hata hivyo nilihisi kuna kitu hakijakaa sawa, kwa sababu ili autege mtego huo alilazimika kuuacha mraba wa 4 wazi. Kabla ya hapo, kete zake za 1, 3 na 4 zilikuwa zimelinda safu ya nyuma. Sasa mlango mmoja ulikuwa hauna mtu.

Nikaacha kufikiria kete ya 16 na kuanza kutoka mwisho: nani wangu anaweza kufika 4, na kwa njia gani? Nikirudi nyuma kwa hatua za kula kutoka 4, napata 11, kisha 18, kisha 27. Miraba ya 4, 11 na 18 yote ilikuwa mitupu, na kwenye 27 kuna kete yangu. Ni ngazi kamili. Ili nipande ngazi hiyo kwa mruko mmoja, kete zake zinatakiwa ziwe katikati ya kila vidato viwili, yaani kwenye 23, 15 na 8. Ya 8 ameiweka mwenyewe kwa hatua yake ya mwisho. Tatizo ni kwamba 15 na 23 zilikuwa na kete, lakini ni zangu.

Hapa nilikaa muda mrefu, na ndipo lilipokuja wazo ambalo hadi leo nikilikumbuka nafurahi. Kama miraba ni sahihi na wakaaji ndio wasio sahihi, basi niwabadilishe. Kete yangu ya 15 nikiisogeza hadi 10, anaila kwa 6x15, na kete yake inatua pale pale ilipotoka yangu. Kete yangu ya 23 nikiisogeza hadi 19, anaila kwa 16x23, na vilevile anatua pale ilipotoka yangu. Kete mbili natoa, na anazijaza nafasi mbili ninazozihitaji kwa mikono yake mwenyewe.

Wazo zuri bado si mchezo. Nilipitia kila kula kwake nikiuliza kama ana chaguo jingine. Kwenye 15-10, kete iliyo 7 ingeweza kunila kuelekea 14, lakini 7 ilikuwa tupu, kwa hiyo ni 6x15 tu. Kwenye 23-19 ana kete mbili zinazoigusa 19: ile ya 16, na ile iliyotua 15, ambayo ingekula kuelekea 24. Lakini 24 imekaliwa na kete yangu, basi njia hiyo imefungwa na inabaki 16x23 peke yake. Je, akishafika 23 anaweza kuendelea kuila 27 yangu? Angetakiwa kutua 32, na 32 nayo ni yangu.

Nilipogundua hivyo nilielewa pia kwa nini nisingeweza kucheza 24-20 kwanza halafu mpango huu baadaye. Kete ya 24 ndiyo inayomfungia njia. Ikiondoka tu, mpango mzima unakufa.

Mpangilio nao haukubali kugeuzwa. Nikianza na 23-19, anakula 16x23, na sheria ya kulazimika kula inanigeukia mimi: lazima nile papo hapo kwa 27x18, wakati 15 bado ni yangu. Mruko unakatikia hapo. Tunabadilishana kete moja kwa kete moja tu, na kete ya 27 imeshatoka kwenye ngazi.

Kitu kimoja kilinitia wasiwasi kuhusu mwisho wake. Kingi akiwa 4 ana mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni 8. Nikimtoa 4-8, kete yake ya 3 itamla hadi 12. Kingi aliyefungiwa chumbani ana faida gani? Nikahesabu: kete yangu ya 24 ikipanda 20, 16, 12, inachukua hatua tatu, na ikishakaa 12 kete ya 3 haina pa kutua, kwa hiyo mlango unafunguka. Katika hatua hizo tatu yeye hawezi kuniingilia, kwa sababu zangu za 30 na 32 zinalinda nyuma kwa pamoja. Kete yake moja ikija hadi 25 au 26 inaliwa na ya 30. Ikija hadi 27 inaliwa na ya 32. Hesabu ikatulia: natoa mbili, nakula tatu, nabaki na nne kwa tatu na moja yangu ni kingi.

Nikacheza 15-10. Mwenzangu akaila haraka, 6x15, nadhani aliona nimechanganyikiwa. Nilipocheza 23-19 akasita, akatazama ubao kwa muda, kisha akala 16x23 kwa kuwa hana jinsi. Nikaiinua ya 27 na kuipandisha 18, 11, 4. Nikaziondoa kete zake tatu kimya kimya.

Kilichofuata kilikwenda kama nilivyohesabu. Alicheza 9-14, nami 24-20. Akashuka 14-18, nikapanda 20-16. Akashuka tena 18-22, nikakaa 12. Sasa kete yake ya 22 ilikuwa mbele ya 30 yangu na kila hatua yake ilikuwa ya kuliwa, basi akaanza kusogeza ya 1 hadi 6. Nikamtoa kingi 4-8. Baada ya hatua chache zaidi alinipa mkono.

Tulirudisha kete kabla hatujaondoka. Aliniambia 24-20 alikuwa ameiona na ndiyo aliyokuwa akiingojea, na 8-11 alikuwa tayari ameiweka kichwani. Ngazi ya 27 hadi 4 hakuiona kabisa, kwa kuwa alipoitazama 15 na 23 aliziona kete zangu na kuhesabu njia imefungwa. Tukaiweka kete yake 4 ilipokuwa, na safari hii akacheza 16-20, pembeni kabisa ambapo kete hailiwi. Niliitafuta njia ya kula kwa dakika kadhaa na sikuipata.