Mpangaji Alipoacha Kulipa Nami Nina Mkopo wa Benki: Jinsi Nilivyoiokoa Nyumba Yangu Arua

Katika miezi ile mpangaji wangu alipokuwa halipi kodi, nilipewa ushauri mwingi ambao hadi leo unanikera. Mmoja aliniambia nitie kufuli langu mlangoni mwa duka usiku, na kodi itapatikana yenyewe. Mwingine alinipeleka kwa mkopeshaji binafsi aliyetaka asilimia 10 kwa mwezi, eti nizibe pengo la benki kwa muda. Wa tatu, ambaye ni mtu mzima na mwenye majengo yake, alinisihi ninyamaze mpaka benki yenyewe inipigie simu, kwa kuwa kwenda mapema ni kujichongea. Naandika haya kwa sababu ushauri huu bado unatolewa, na kila mmoja wao ungeweza kunipotezea jengo.

Jengo lenyewe ni duka la mbele lenye bohari nyuma yake, katika mji wa Arua, Uganda, na lilikuwa limepangishwa kwa mfanyabiashara mmoja wa vifaa vya ujenzi kwa shilingi 1,800,000 kwa mwezi. Nilimaliza kulijenga kwa mkopo wa shilingi milioni 50, riba ya asilimia 18 kwa mwaka inayohesabiwa kwenye salio linalopungua, kwa miaka minne. Marejesho yalikuwa kama 1,470,000 kila mwezi, na hati ya kiwanja imewekwa rehani. Kwa miezi kumi na sita kodi iliingia, marejesho yakatoka, na hapakuwa na neno. Kisha mpangaji akaanza kusema "wiki ijayo, Mzee wangu," na wiki ijayo ikazaa miezi mitatu. Miwili ya kwanza nilijazia kwa akiba na kwa kuuza ng'ombe. Wa tatu sikuwa na cha kuuza.

Kabla sijasema na yeyote, nilikwenda kukaa dukani kwake asubuhi nzima, nikiwa mgeni tu anayenywa chai. Hili ndilo jambo ninalomwomba kila mwenye nyumba alifanye kabla ya kutafuta wakili, kwa sababu mpangaji asiyetaka kulipa na mpangaji asiyeweza kulipa ni watu wawili, na dawa zao haziko sawa. Macho yangu yaliniambia yote. Mahali palipokuwa pakirundikwa saruji palibaki vipande vya mbao vya kuwekea mifuko, na sakafuni alama za kijivu za mifuko iliyokwisha kuondoka. Mikebe ya rangi ilikuwa na vumbi juu ya vifuniko, vumbi ambalo ukipitisha kidole linaacha mstari. Wateja walikuja wakauliza mabati, wakaondoka. Huyu hakuwa ananificha fedha. Mtaji wake ulikuwa umelala mikononi mwa wadaiwa. Alinifungulia daftari mwenyewe: alikuwa amewakopesha mabati na saruji wanunuzi wa upande wa Ariwara, ng'ambo ya mpaka wa Kongo, nao hawakurudi kulipa kwa wakati.

Kwa hiyo kufuli halingesaidia chochote. Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022 haimwachii mwenye nyumba kumtoa mpangaji kwa nguvu zake mwenyewe, na mimi ndiye ningegeuka mshtakiwa. Hata kama sheria ingeniruhusu, duka lililofungwa halileti shilingi, na benki haipokei kufuli.

Ndipo nikaenda benki, na safari ya kwanza nilitoka mikono mitupu. Afisa mikopo, kijana mwenye heshima lakini mwenye haraka, alinisikiliza kwa dakika chache kisha akasema, "Mzee, jitahidi tu ulipe, mfumo utakukata wenyewe." Nilipomweleza kwamba mpangaji hajalipa, alijibu kwamba mkopaji ni mimi, wala si mpangaji. Katika hilo alikuwa na haki kabisa. Nilikaa nje kwenye benchi nikiwa na hasira, mpaka mama mmoja aliyewahi kufanya kazi ya mikopo akaniambia neno ambalo lilibadilisha kila kitu: afisa huyo hana mamlaka ya kunikubalia lolote, kazi yake ni kupeleka ombi kwa kamati, na kamati haisikii maelezo ya mdomo, inasoma karatasi.

Nikatengeneza karatasi. Ilikuwa ukurasa mmoja wa barua na ukurasa mmoja wa hesabu, na niliviambatanisha na mkataba wa upangaji, taarifa ya akaunti inayoonyesha kodi ikiingia kila mwezi kwa miezi kumi na sita, na barua ya mpangaji akikiri deni lake. Katika hesabu niliandika kila kinachoingia na kila kinachotoka, pamoja na kodi ya serikali inayotozwa na mamlaka ya mapato, URA, ambayo wengi huisahau: mtu binafsi hutozwa asilimia 12 ya pato la pango linalozidi shilingi 2,820,000 kwa mwaka, wala haruhusiwi kutoa riba ya benki kwanza. Usipoiweka kwenye hesabu, utaiahidi benki fedha ambazo ni za serikali.

Sikuomba huruma. Niliomba mambo mawili yenye majina yanayojulikana benki. La kwanza, miezi mitatu ya kulipa riba peke yake. La pili, salio lililobaki lisambazwe upya kwa muda mrefu zaidi ya ule uliokuwa umesalia. Salio langu lilikuwa kama milioni 35 na robo, hivyo riba ya mwezi mmoja ni takribani 530,000, badala ya 1,470,000. Baada ya miezi hiyo mitatu, salio lilelile likilipwa kwa miezi 42 linahitaji kama 1,140,000 kwa mwezi. Niseme wazi kwamba unafuu huu unalipiwa: kwa mpango wa zamani nilikuwa nimebakiza kulipa kama milioni 44, na kwa mpango mpya jumla inafika milioni 49 na zaidi. Zaidi ya milioni 5 zinakwenda kwenye riba ya ziada. Mtu asiyekuambia hili anapokusifia kupanga upya mkopo hajakueleza nusu ya mambo. Hata hivyo, mkopeshaji wa asilimia 10 kwa mwezi angekula fedha hizo kwa muda mfupi sana, na deni la benki lingebaki palepale.

Sababu ya kwenda kabla ya kukosa marejesho ni hii. Mkopo ukipitisha siku 90 bila kulipwa, benki inauhesabu kuwa mkopo mbaya, na kuanzia hapo unayezungumza naye ni idara ya kufuatilia madeni, ambayo haina kazi ya kukupangia nafuu. Kwa Sheria ya Rehani ya mwaka 2009, benki hukuandikia ilani ya kukupa siku 45 za kazi urekebishe deni, na usiporekebisha inafuata ilani ya mauzo ya siku 21 za kazi. Watu husikia siku hizo wakadhani wana muda mwingi, kisha hukimbilia mahakamani dalali akiwa tayari ametangaza mnada. Huko kanuni za rehani za mwaka 2012 zinaipa mahakama nafasi ya kusimamisha mauzo kwa sharti la kuweka asilimia 30 ya thamani ya jengo kwenye mnada wa haraka, au ya deni lililobaki. Kwa deni langu hiyo ni zaidi ya milioni 10. Aliyeshindwa kupata milioni moja na nusu atazitoa wapi milioni 10? Barua yangu ya kurasa mbili iligharimu uchapaji tu.

Benki ilikubali, ikitoza ada kidogo, na nikaomba pia jambo dogo ambalo afisa alilikubali bila hata kamati: tarehe ya makato ihamishwe kutoka mwanzoni mwa mwezi hadi katikati, ili kodi itangulie kuingia.

Bado kodi yenyewe ilikuwa haijapatikana, na hapa ndipo ninapojivunia zaidi. Nilipokaa dukani asubuhi ile niliona kwamba bohari ya nyuma ilikuwa karibu tupu. Mpangaji alikuwa analipia, au tuseme anadaiwa, nafasi ambayo haitumii tena. Nikamwendea na kumwambia, "Mwanangu, jengo lote limekushinda, lakini sehemu ya mbele unaiweza. Nirudishie bohari." Alishangaa, kwa kuwa alitarajia barua ya wakili. Tukajenga ukuta wa matofali katikati na kufungua mlango upande wa uchochoro ambako magari hufika, kazi iliyonila milioni moja na kitu. Yeye akabaki mbele kwa 1,000,000 kwa mwezi. Bohari nikampa mnunuzi wa ufuta, mtu ambaye hakuwa na haja ya duka bali sakafu kavu na mlango wa gari, kwa 700,000, naye akalipa miezi mitatu kwa pamoja. Fedha hiyo ya mara moja ilirudisha gharama ya ukuta na kubakiza. Jengo lililokuwa na mpangaji mmoja sasa lina wawili, na mmoja akiyumba nusu nyingine haiyumbi.

Malimbikizo ya 5,400,000 sikuyasamehe. Tuliandika makubaliano mapya, kwa kuwa kodi ya kiasi hiki lazima iwe na mkataba wa maandishi, na ndani yake mpangaji akakiri deni na kuahidi 300,000 kwa mwezi juu ya kodi mpya. Akikosa mara mbili, deni lote linadaiwa papo hapo. Mwenyekiti wa baraza letu la kijiji, LC 1, alishuhudia. Kifungu hicho kina meno kwa sababu mahakama ya madai madogo husikiliza madai ya kodi yasiyozidi shilingi milioni 10 bila mawakili, baada ya kumpa mdaiwa ilani ya siku 14. Wenye nyumba waelewe mipaka miwili ya njia hii. Inakupa hukumu ya fedha, haikurudishii nyumba. Hilo ni shauri jingine. Na deni likiachwa likapita milioni 10, mlango huo unafungwa. Kwa kodi yangu ya zamani ningekuwa nje ya mlango kabla ya mwezi wa sita kwisha.

Mpangaji amekuwa akilipa, mara nyingine kwa kuchelewa siku chache, na baadhi ya wadaiwa wake wa Ariwara wamerudi. Zile 300,000 sizili. Nazipeleka kwenye mkopo pamoja na barua fupi inayosema zipunguze deni la msingi na muda wa mkopo, kwa sababu mara ya kwanza benki iliziweka akaunti zikisubiri makato ya mwezi uliofuata, na riba ikaendelea kuhesabiwa kwenye salio lilelile. Kila ninapolipa, naomba taarifa ya salio iliyopigwa muhuri siku hiyohiyo, kisha nazilinganisha mbili za mwisho kabla sijaondoka kwenye kaunta.